Siku moja thieta Kisumu: njugu kwenye pafu la kulia

Saa 1:10 asubuhi

Kazi yangu ni kulaza watu ili wapasuliwe. Mimi ni afisa wa kliniki wa nusukaputi, Kisumu, na kila asubuhi naanza na mashine kabla ya mgonjwa: mtungi wa oksijeni wa akiba, kifyonzi, mirija ya saizi zote, kisha najaribu mfuko kwa mkono kuona kama unavuja. Orodha ya leo ina ngiri, kuvunjika kwa mkono na upasuaji mmoja wa uzazi. Chai bado imoto simu inalia kutoka wodi ya watoto.

Saa 2:05

Mvulana wa miaka 3, kaletwa na mamake kutoka upande wa Ahero. Jana jioni alikuwa anakula njugu karanga huku akikimbizana na ndugu zake, akapaliwa, akakohoa hadi macho yakatoka machozi, kisha akatulia. Usiku pumzi ikaanza kupiga filimbi. Alfajiri wakampeleka zahanati, na huko, kwa kuwa filimbi kifuani mwa mtoto mara nyingi huwa ni pumu, akawekewa salbutamoli ya mvuke kwa mashine inayosukuma hewa ya kawaida.

Barua ya rufaa ina mistari michache, na huo wa tatu ndio ulionifanya nikae chini niisome tena. Kabla ya dawa, oksijeni ya damu ilikuwa asilimia 92. Dakika kumi baada ya dawa, 87. Wakashtuka wakamtuma kwetu, na wakafanya vizuri.

"Daktari, dawa ya kufungua kifua imemfunga?" mama akaniuliza.

"Hapana mama, kifua hakijafungwa na dawa. Damu ndiyo imebadilisha njia. Nitakueleza, lakini kwanza niache nimsikilize."

Nikaweka stethoskopu. Kushoto hewa inaingia vizuri, sauti imejaa. Kulia ni hafifu, na filimbi ni moja tu, ya sauti ileile, kila anapotoa pumzi. Pumu hupiga filimbi nyingi, pande zote. Kipimo cha kidoleni kilisoma 91. Tukamwekea oksijeni kidogo puani, ikapanda hadi 94, ikagoma hapo.

Saa 2:40

Mwanafunzi niliye naye mwezi huu ana tabia nzuri ya kutokubali jibu la juujuu. Tulipokuwa tunasubiri eksirei akaniuliza: ikiwa pafu zima la kulia halipati hewa ya kutosha, mbona mtoto anacheza na kamba ya oksijeni badala ya kuwa wa bluu?

Nikachukua karatasi ya nyuma ya fomu. Tuseme njugu imeziba kabisa upande wa kulia, ili hesabu iwe rahisi. Pafu la kulia ni kubwa kidogo, hupokea kama asilimia 55 ya damu yote inayotoka moyoni kwenda mapafuni. Damu hiyo inafika ikiwa na oksijeni ya kama asilimia 70, na kwa kuwa haikuti hewa mpya, inatoka hivyohivyo. Ya kushoto inatoka ikiwa 97. Zikichanganyika:

```
0.55 × 70 + 0.45 × 97 = 82
```

Asilimia 82. Huyo mtoto angekuwa hoi. Sasa tuseme mishipa ya kulia imejibana hadi inapitisha asilimia 25 tu ya damu, na iliyobaki imesukumwa kushoto:

```
0.25 × 70 + 0.75 × 97 = 90
```

Hiyo 90 inafanana sana na tulichokiona kidoleni. Hesabu ni ya kukadiria, maana oksijeni ya damu inayorudi moyoni nayo hushuka mgonjwa anapozidiwa, lakini inaonyesha mwelekeo. Mtoto huyu alikuwa anaokolewa na mishipa yake mwenyewe tangu jana jioni, kabla mtu yeyote hajamgusa.

Mwanafunzi hakuridhika. "Lakini daktari, tumefundishwa oksijeni ikipungua mishipa hupanuka."

Ndiyo, mguuni, kwenye moyo, kwenye ubongo. Huko nyama ndizo zinazokula oksijeni, na ikipungua maana yake mahitaji yamezidi kinacholetwa, kwa hiyo mshipa hulegea damu zaidi ifike. Damu haiendi mapafuni kulisha, inaenda kupakia. Mwenye matatu haendi kupanga foleni kwenye stendi isiyo na abiria; anageuza gari aende stendi nyingine. Kifuko cha hewa kisicho na oksijeni hakina cha kupakia, na kila tone linalopita hapo linarudi tupu likachafue lile lililopakia vizuri.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba hakuna anayetoa amri. Si ubongo wala neva. Pafu lililopandikizwa, ambalo neva zake zimekatwa, bado hufanya hivyo, na hata seli moja ya msuli laini iliyotolewa kwenye mshipa mdogo wa pafu hujikunja yenyewe ikinyimwa oksijeni. Hata mahali penyewe ni pa ajabu. Anayebana ni ateri ndogo inayoingia kwenye kundi la vifuko, wala si kapilari, kwa sababu kapilari haina msuli. Ndani ya ateri hiyo mnapita damu ambayo tayari imepungukiwa oksijeni, sasa inajuaje hali ya hewa? Kwa sababu imezungukwa na vifuko pande zote, na oksijeni yao hupenya ukuta wake kutoka nje. Ukuta unaonja hewa iliyo jirani kabla damu haijafika kwenye hewa hiyo.

Ndani ya msuli huo, mitokondria, vinu vya nishati vya seli, ndizo zinazohisi upungufu. Ishara yake hufunga milango ya potasiamu kwenye utando wa seli. Potasiamu iliyokuwa ikitoka inabaki ndani, chaji ya utando inapungua, na hapo milango ya kalsiamu inafunguka. Kalsiamu ikiingia msuli unajikunja. Kwenye ateri ya mguuni mambo yanageuka: nishati ya seli ikishuka, milango ya potasiamu ya aina nyingine hufunguka, potasiamu inatoka kwa wingi, ya kalsiamu inabaki imefungwa, na msuli unalegea. Adenosini, asidi na kaboni dioksidi kutoka kwenye nyama zinazochoka huongeza kulegea huko. Msuli ni wa jamii moja, milango ndiyo tofauti.

Jambo hili lilielezwa vizuri mwaka 1946 huko Uswidi na von Euler na Liljestrand, waliopima shinikizo la ateri ya mapafu ya paka waliokuwa wakivuta hewa yenye oksijeni kidogo.

Saa 3:30

Eksirei imetoka. Njugu haionekani, na haikutarajiwa kuonekana. Eksirei huipita kama inavyoipita nyama. Kinachoonekana ni pafu la kulia lililojaa hewa iliyokwama, kubwa na jeusi kuliko la kushoto, na moyo umesukumwa kidogo kushoto. Njugu inakaa kama vali: hewa inapita kidogo akivuta, haitoki akitoa pumzi.

Nikamwonyesha mwanafunzi jambo ambalo wengi hawalitazami. Ile mistari myembamba ya mishipa inayotoka katikati ya kifua kama mizizi: kushoto imejaa, kulia ni michache na myembamba. Weusi wa pafu la kulia si hewa tu, ni uhaba wa damu pia. Mshipa uliojibana ulikuwa umepigwa picha.

Na hapo ile 87 ya zahanati ikapata maelezo. Salbutamoli iliingia kupitia pafu zima la kushoto, ikanyonywa kwenye damu, ikazunguka hadi kwenye ateri za kulia na kuzilegeza, huku ikiongeza kasi ya moyo. Damu zaidi ikapita upande usio na hewa mpya. Njia ya hewa yenyewe haikubadilika, kwa kuwa njugu hailegei kwa dawa.

Kuna sababu nyingine zinazoweza kushusha namba, na ni lazima uziondoe kwanza: kipimo kimeteleza kidoleni, au njugu imehama. Kama ni mshipa uliolegea, mawimbi ya kipimo ni mazuri, sauti za kifua ni zilezile, mtoto hahangaiki zaidi kuliko mwanzo, na namba hupanda yenyewe dawa inapoisha nguvu. Huyu alishatoka 87 hadi 91 alipofika kwetu. Ukimpa oksijeni pamoja na mvuke huenda usiuone mshuko huo kabisa, na ndiyo maana kwa mwenye filimbi naona ni afadhali mvuke uende na oksijeni.

Saa 5:00

Thieta. Daktari wa masikio, pua na koo ameandaa bronkoskopu ngumu, bomba la kuchungulia njia ya hewa, na koleo dogo. Mimi nimechagua propofoli ya mshipani kwa sababu gesi za usingizi, halotheni hasa, hulegeza mishipa hiyohiyo kadiri dozi inavyopanda, na propofoli haiigusi sana. Wapo wenzangu wanaotumia sevoflureni kwa watoto hawa na mambo yanakwenda. Kwa dozi ya kawaida athari ni ndogo. Lakini mgonjwa anayeishi kwa kubana kwa mshipa, sipendi kumpunguzia hata hicho kidogo. Mtoto akaachwa apumue mwenyewe, kwa sababu ukimsukumia hewa kwa nguvu unaweza kuipeleka njugu ndani zaidi au kulijaza zaidi pafu lililokwisha kujaa.

Nusu ya njugu, imevimba kwa maji, ikatoka kwa jaribio la pili. Namba haikuruka papo hapo. Ilikaa 93, ikaenda 95, na dakika kadhaa baadaye 98 kwa oksijeni. Kubana huanza ndani ya sekunde, na kukiendelea zaidi ya nusu saa huja awamu ya pili inayozidi kukaza kwa muda wa saa mbili hivi. Hewa ikirudi, mshipa unahitaji dakika zake kulegea, na hewa iliyokuwa imekwama kwenye vifuko inahitaji kutoka.

Saa 7:30 mchana

Ngege, ugali na sukuma. Mwanafunzi amekuja na swali jingine: je, mapafu yote mawili yakikosa oksijeni? Hapo ndipo ujanja huu unapogeuka mzigo, nikamwambia. Hapa Kisumu, mita kama 1,130 juu ya bahari, shinikizo la oksijeni ndani ya vifuko ni kama 80 mmHg, na mshipa hujibana kwa dhati likishuka chini ya 60 hivi. Panda Mlima Elgon hadi kileleni, mita 4,321, uko chini ya kiwango hicho kwenye kila kifuko. Mishipa yote inabana pamoja, hakuna upande wa kupeleka damu, shinikizo la ateri ya mapafu linapanda. Kwa baadhi ya wapandaji kubana hakulingani, kapilari chache zinapokea nguvu yote, maji yanavuja na pafu linajaa. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu huishi hivyo miaka, hadi moyo wa kulia unachoka.

Saa 10:45

Ngiri na mkono zimekwisha, mama wa upasuaji wa uzazi yuko salama na binti yake. Nimepita wodini: mvulana 97 bila oksijeni, hewa inaingia pande zote, anadai soda. Nimemwandikia sista wa usiku: ikishuka chini ya 92, asikilize kulia kwanza, maana kipande kinaweza kuwa kimebaki au ukuta umevimba. Salbutamoli asimpe mpaka anipigie.