Bonasi ya Desemba na shilingi 1,283 zangu

Desemba 2025 tulilipwa bonasi. Yangu ilikuwa 90,000, lakini PAYE ya mwezi huo ilikuwa 28,383, na mimi nimezoea kukatwa 1,500. Nilimwendea mhasibu wetu nimevimba. "Dada, hii ni kodi au faini?" Akanivutia kiti.

Hapa Kenya bonasi huongezwa kwenye mshahara wa mwezi inapolipwa, kisha jumla yake hupitishwa kwenye ngazi za mwezi. Kiasi changu kinachotozwa kodi, baada ya NSSF, SHIF na tozo ya nyumba, ni 30,000 kila mwezi. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, zinazofuata hadi 32,333 asilimia 25, na kutoka hapo hadi 500,000 asilimia 30. Halafu huondolewa nafuu ya 2,400. Desemba nilikuwa na 120,000, kwa hivyo 2,333 tu za bonasi ndizo zilizoingia ngazi ya asilimia 25. Zilizobaki, 87,667, zilipanda ngazi ya 30.

Nikamuuliza: je, miezi kumi na mmoja ile mingine? Kila mwezi niliacha nafasi ya 2,333 kwenye ngazi ya 25 bila kuitumia, na nafasi hiyo haihamii mwezi unaofuata. Lakini kodi yenyewe ni ya mwaka mzima, Januari hadi Desemba, na ngazi za mwaka ni zile zile mara kumi na mbili.

Nilipopata P9, fomu ya mwajiri ya mapato na makato ya mwaka, niliketi na kikokotoo. Mapato ya mwaka 450,000. Shilingi 288,000 kwa asilimia 10 ni 28,800. 100,000 kwa 25 ni 25,000. 62,000 zilizobaki kwa 30 ni 18,600. Jumla 72,400, toa nafuu ya mwaka 28,800, inabaki 43,600. Mimi nilikuwa nimekatwa 44,883. Tofauti ni 1,283.

Nakiri nilivunjika moyo. Nilitarajia kurudishiwa maelfu kumi hivi. Kumbe hata kwa hesabu ya mwaka, sehemu kubwa ya bonasi ilikuwa ya asilimia 30 tangu mwanzo. Mwenzangu anayetozwa kwa 60,000 kila mwezi hakuwa na cha kudai hata senti, maana ngazi ya 25 huijaza kila mwezi. Meneja ndiye aliyeguswa zaidi: 300,000 kwa mwezi, na bonasi ya 600,000 ikampeleka Desemba kwenye ngazi za 32.5 na 35. Kwa mwaka jumla yake ni milioni 4.2, chini ya milioni 6, kwa hivyo hapaswi kuzigusa ngazi hizo kamwe. Alikatwa 12,500 zaidi.

Ritani nilijaza kwenye iTax mapema, kabla ya msongamano wa Juni 30. Mara ya kwanza nikaandika nafuu ya 2,400 badala ya 28,800, na mfumo ukaniambia nina deni. Nilirekebisha, alama ya kutoa ikatokea mbele ya 1,283, nikaweka nambari ya akaunti ya benki.