Tathnia, tathlitha, tarbia au pande moja: nilivyoamua mimi

Kwenye kugawa shairi beti, ushauri uliokuwa unanikera kuliko wote ni huu wa "we weka nne nne tu, tarbia haijawahi kumwangusha mtu". Jamani, inaangusha, tena sana! Kwenye tarbia ya kimapokeo ule mshororo wa nne una kazi yake, ndo kituo au kibwagizo, shairi zima linarudi pale. Sasa kama huna kitu cha kurudia, kila ubeti unajikuta umebandika mshororo wa kujazia nafasi, na msomaji anauhisi hata kama hajui kuusema.

Mi nilikuwa na rasimu ya shairi huru, mishororo kumi na mbili, mama anamsubiri mwanawe aliyeondoka bila kuaga. Kumi na mbili ni namba tamu sana kwa jaribio hili maana inagawanyika kwa mbili, kwa tatu na kwa nne bila kubaki kitu, kwa hiyo nikakopi maneno yaleyale bila kugusa hata nukta, nikayapanga kwa sura zote nne, nikaprinti, nikasoma kwa sauti moja baada ya nyingine. Kusoma kwa sauti ni lazima, jicho peke yake linapenda tu kilichopangika vizuri.

Mishororo sita ya mwanzo ilikuwa hivi:

Simu imelia ndani,
mama kaacha kufua, kakimbia:
ni alamu ya asubuhi.
Hodi mlangoni,
kajifuta mikono, kafungua:
jirani anaomba kiberiti.

Inayofuata ni kivuli dirishani (kumbe shati kwenye kamba), halafu hatua nje ya ukuta.

Kwa pande moja, yani bila kukata beti kabisa, nilisoma mbio mpaka mwisho, na lile la alamu likapita kama si kitu, hakuna pa kuumia. Kwa nne nne ubeti wa kwanza ukaishia "Hodi mlangoni", yani kila tumaini jipya linafuta pigo lililotangulia kabla halijaingia, na mama anaonekana mtu mwenye shughuli nyingi tu. Mbili mbili ndo ilinisumbua, kwa sababu mwanzo ilikuwa tamu mno: "kakimbia", halafu nafasi nyeupe, halafu "ni alamu ya asubuhi". Ile nafasi inakuning'iniza! Ila ukienda kwenye hodi, mkato unaangukia kabla mama hajafungua mlango, na kufungua kunakaa ubeti mmoja na jirani, hakuna tena kuning'inia. Athari moja inafanya kazi tukio la kwanza, la pili haipo, la tatu inarudi. Hiyo ni bahati, haiwezi kuitwa umbo.

Tatu tatu ikakaa palepale: dalili, mama anainuka, jibu. Halafu kimya. Kila ubeti ni tumaini moja mpaka linapokufa, na ile nafasi kati ya beti ndo muda wa mama kurudi kwenye kufua.

Ila tathlitha nayo uipime. Funika mshororo wa tatu wa kila ubeti kwa kidole, usome uliobaki. Kama hujakosa kitu basi ulikuwa na tathnia umeinenepesha, rudi mbili mbili. Mimi nilipofunika nikabaki na mama anayekimbia bila kujulikana amekuta nini, kwa hiyo tatu ilistahili.

Na hapohapo kwenye kufunika ndo nikapata kitu ninachojivunia mpaka leo. Nilipofika ubeti wa mwisho:

Hatua nje ya ukuta,
kasimama katikati ya chumba:

chini ya kidole kulikuwa na "zimepita, zimekwisha". Nikaona kidole kinalifaidi shairi kuliko ule mshororo, nikaufuta jumla. Msomaji keshazoeshwa mara tatu kwamba jibu linakuja mstari wa tatu, safari hii anafika, hakuna, anabaki amesimama na mama. Ukilifanya hilo kwenye pande moja hakuna atakayejua kuna kitu kimekosekana. Lakini beti za mwanzo lazima ziwe sawasawa kabisa, ukilegeza hata mmoja ataona ulisahau tu, na ile nukta pacha iache hapohapo mwishoni.

Mhariri mmoja alitaka nimalizie ubeti "ukamilike". Nikamwomba alisome kwa sauti kwanza, akasoma, akaliacha.

Pande moja nalitumia pia, sio adui. Nina rasimu nyingine ya mke na mume wanagombana, mishororo karibu yote ni mishata, sentensi inamwagikia mstari unaofuata na hakuna anayemwacha mwenzake amalize. Kila nilipokata ubeti, ugomvi ulipoa, kama vile mmoja ametoka nje akarudi, na ndani ya lile shairi hakuna anayetoka, kwa hiyo hilo limebaki zima toka juu hadi chini.