Sekunde 30 za Duka la Leso

Mwenye duka alinikabidhi karatasi iliyoandikwa pande zote mbili. Mlikuwemo leso, mashuka, mapazia, vitambaa vya meza, salamu za Idi na namba mbili za simu. Nikaisoma mbele yake kwa mwendo wa mtangazaji, saa ya simu ikihesabu. Sekunde 47. Tangazo la televisheni alilolipia lilikuwa la 30.

“Si lisomwe haraka haraka, mwanangu? Watu wa hapa si viziwi.”

Duka lilikuwa Mtaa wa Biashara, Mombasa, ambako leso huuzwa ukuta kwa ukuta. Nilimwambia, “Mzee, tuanze na picha, maneno yatajipanga,” nikakaa pale kaunta na penseli, nikachora visanduku vinane vyenye umbo la skrini ya televisheni. Kando ya kila kimoja niliacha nafasi tatu: sekunde, maelezo ya kameramani, na kinachosikika. Kisanduku cha mwisho ndicho nilichokijaza kwanza: mlango wa duka, jina na simu, sekunde 4. Hizo hazikuguswa tena. Zilibaki 26.

Hadithi ilikuwa ndogo: mama na binti wanaingia kununua leso. Kisanduku cha 1, sekunde 3: mtaa kwa mbali asubuhi, wawili wanatembea. Mshale ndani ya picha, kutoka kushoto kwenda kulia, ulikuwa mwendo wao; kamera ingesogea, mshale ningeuchora nje ya picha. Cha 2, sekunde 3: kaunta, wateja kushoto, muuzaji kulia. Binti: “Mama, nichagulie wewe.” Cha 3, sekunde 3: mikono ya muuzaji inakunjua doti, inaonekana kutoka juu. Nafasi ya maneno niliiandika “sauti ya kitambaa tu.”

Mzee akakiwekea kidole. “Hapa nalipia nini?”

“Unalipia kinachofuata, Mzee.”

Cha 4 ndicho kilichotuweka mpaka adhuhuri. Nilitaka jina la leso lijaze skrini: WEMA HAUOZI. Leso ikipigwa picha nzima, jina linageuka mstari mwembamba usiosomeka, kwa hiyo kamera lazima iinamie pale chini, juu kidogo ya pindo. Nikaandika: karibu sana, kamera imetulia, sekunde 5. Mtazamaji alihitaji kulisoma taratibu, akilirudia, na muda ubaki. Nikaongeza: “Muuzaji akunjue jina likitazama mlangoni,” maana kamera ingekuwa upande wa mlango. Muuzaji kwa mazoea humkunjulia mteja, na hapo sisi tungelisoma limelala ubavu.

Lakini Mzee alitaka namba ya simu ikae chini ya skrini tangu mwanzo hadi mwisho. Sikubishana. Nilichukua karatasi nyepesi ya fundi cherehani, nikachora juu yake ule mkanda wa namba, nikaulaza juu ya kisanduku cha 4. Ukafunika jina lote. Akauondoa, akaurudisha, akaondoa tena. “Namba ikae mwisho,” akasema.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Cha 5, sekunde 3: uso wa mama, kamera nyuma ya bega la muuzaji lakini bado upande ule ule wa mlango, ili mama aendelee kutazama kulia. Kamera ikivuka kwenda upande wa pili, mama angeonekana amempa muuzaji kisogo. Anasema: “Hii ya nyanyako.” Cha 6, sekunde 4: binti, “Na yangu je?” Doti nyingine inafunguliwa. Cha 7, sekunde 5: wanatoka, na msimulizi anasema, “Leso za doti, mashuka na vitambaa vya meza. Jumla na rejareja.”

“Umesahau mapazia!”

Hapo nikamhesabia silabi kwa vidole. Kwa Kiswahili cha tangazo napenda silabi tano kwa sekunde. Zikizidi, msikilizaji anasikia mlio tu. Sekunde 5 ni silabi 25, na sentensi ile ilikuwa karibu imezimaliza. Ili mapazia yaingie, kitu kitoke. Akatazama rafu zake kwa uchungu, kisha akafuta vitambaa vya meza kwa mkono wake. Tukapata hata nafasi ya msimulizi kuvuta pumzi.

Siku ya kurekodi kameramani hakufuata namba. Alianza na cha 1, cha 7 na cha 8, vyote vya nje, kabla jua halijapanda na mikokoteni kuziba mtaa. Cha 4 alikiacha mwisho, wachezaji wakishakwenda zao, kwani hakikuhitaji mtu. Mzee mwenyewe ndiye aliyeilaza leso, akainyoosha kunjo moja moja, kisha akauliza kama kweli nina hakika sekunde 5 zinatosha.