Karatasi ya A4 na mstari uliojirudia

Mwaka wa kwanza chuoni tulisoma kuprogramu kwa lugha ya C, na somo lile lilikuwa na pepa mbili, moja ya kuandika na nyingine ya vitendo kwenye maabara ya kompyuta. Ya vitendo ilikuwa ya saa mbili, intaneti imezimwa, ila kila mtu aliruhusiwa kuingia na karatasi moja ya A4 aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, mbele na nyuma. Tangazo lilipotoka, hosteli nzima ikageuka ofisi ya makarani. Mwenzangu wa chumbani alikusudia kuhamisha slaidi zote za muhula, programu nzima nzima, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

"Desa liko kamili, mwanangu," akaniambia. "Swali lolote likija, namshushia mle mle."

Mimi nilikuwa na wasiwasi na desa la namna hiyo. Programu ya mhadhara huandikwa ili darasa zima lifuate maelezo: inaanza kwa kusalimia, inachapisha vichwa vya habari, inatangaza vigeu ambavyo vinakuja kutumika mbali huko chini. Ukiwa mtihanini unatafuta mistari miwili mitatu tu inayofanya kazi yenyewe, na unataka kujua ukiibadilisha kidogo nini kitaharibika. Hayo ya pili hayamo kwenye slaidi, kwa sababu lekchara aliyasema kwa mdomo, au hakuyasema kabisa.

Kwa hiyo nikajiwekea sharti kwamba hakuna msimbo unaoingia kwenye karatasi kabla sijauendesha kwenye kompyuta za maabara zile zile tutakazofanyia mtihani. Sharti hilo lilianza kulipa mapema. Mfano wa kwanza niliounakili kutoka kwenye slaidi uligoma, na kompaila ikatema makosa ya `stray '\342' in program` kwenye kila mstari wenye maneno ya kuchapisha. Ukiutazama msimbo kwa macho huoni kosa. Kumbe programu ya kutengenezea slaidi ilikuwa imezigeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda za vitabuni, na C haizijui. Nikafuta nukuu zote, nikazichapa upya kwa kibodi, ikakubali. Hilo halikuhitaji nafasi kwenye karatasi, maana mtihanini kila kitu tungekichapa wenyewe.

Kilichonikalisha maabara mpaka mlinzi akaja kugonga mlango ni mfano wa kusoma faili. Kwenye slaidi ulikuwa hivi:

```c
while (!feof(fp)) {
    fscanf(fp, "%d %d", &namba, &alama);
    printf("%d %d\n", namba, alama);
}
```

Unasomeka vizuri kabisa: maadamu faili halijaisha, soma namba ya mwanafunzi na alama yake, kisha chapisha. Darasani ulifanya kazi mbele ya macho yetu. Nikatengeneza faili langu la wanafunzi watatu kwa kutumia kihariri cha nano, namba 101 mwenye 60, 102 mwenye 70 na 103 mwenye 50, nikaendesha. Yule 103 akatokea mara mbili.

Nilidhani nimeandika mstari wa mwisho mara mbili. Nikafungua faili, mistari ni mitatu. Nikaomba faili la lekchara, alilolitengeneza kwa Notepad kwenye laptopu yake, nikalisoma kwa programu ile ile bila kugusa herufi. Likatoka sawasawa. Programu moja, mafaili mawili yanayofanana machoni, majibu tofauti.

Tofauti ilikuwa herufi moja isiyoonekana. Nano, isipoambiwa vinginevyo, huweka alama ya mstari mpya mwishoni mwa faili. Notepad haiweki mpaka wewe mwenyewe ubonyeze Enter. Na `feof` haitabiri kwamba faili linakaribia kuisha. Inajibu ndiyo baada tu ya usomaji kugonga ukuta. Kwenye faili la Notepad, `fscanf` ilipokuwa inasoma ile 50 ya mwisho iliendelea kutafuta tarakimu nyingine, ikagonga mwisho hapo hapo, mzunguko ukakoma kwa wakati. Kwenye faili langu ilisoma 50, ikakuta alama ya mstari mpya, ikasimama. Ukuta bado haujaguswa, basi mzunguko ukaingia tena. Safari hii `fscanf` ikakosa cha kusoma, vigeu vikabaki na thamani zake za zamani, na `printf` ikazichapisha bila kuuliza.

Dawa ni kuacha kuiuliza `feof` na kuiuliza `fscanf` yenyewe imepata vitu vingapi:

```c
while (fscanf(fp, "%d %d", &namba, &alama) == 2) {
    jumla += alama;
    n++;
}
```

Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye karatasi. Msimbo upande wa kushoto kwa wino wa bluu, maelezo upande wa kulia kwa mwekundu. Kwenye ile 2 nikachora mshale: "idadi ya % zilizomo, zikiwa tatu, andika 3". Chini yake: "jumla na n vianze na 0". Na kichwa cha kisanduku hakikuwa "Kusoma faili" kama kilivyo kwenye slaidi. Niliandika "Rekodi ya mwisho inajirudia", kwa kuwa dalili ndiyo ningeiona kwenye skrini. Nikafanya hivyo kwa visanduku vingine pia. Kile cha `fgets` inayofuata `scanf` kikaitwa "Inaruka swali la jina", na maelezo yake yakawa kwamba Enter ya swali lililotangulia bado imo njiani, imeze kwanza kwa `getchar()`.

Nikaongeza na kipimo, kwa sababu kosa la `feof` likiwa ndani ya hesabu halionekani. Ukichapisha orodha, utamwona 103 amejirudia. Ukikokotoa wastani, wale watatu wanatakiwa watoe 60, lakini 50 ikihesabiwa mara mbili unapata 230 kwa 4, yaani 57.5, namba ambayo haimshtui mtu yeyote. Ndiyo maana kwa wino mwekundu nikaandika: "faili la mistari 3, wastani 60. Ukipata 57.5, rudi juu."

Usiku wa kuamkia pepa nilimwonyesha mwenzangu. Akaigeuza mbele na nyuma, akacheka.

"Kaka, umeacha nusu karatasi tupu. Utakuja kuililia sapu."

Asubuhi swali la kwanza lilitaka tusome faili la alama, tutoe wastani na idadi ya waliofaulu. Sikuanza na faili la mtihani. Nilichapa watatu wangu kwenye nano, nikapata 60, ndipo nikafungua lao. Mwenzangu alikuwa safu ya mbele yangu, ameinamia karatasi, kidole kinashuka taratibu kutafuta neno `fopen` katikati ya zile herufi.

Swali la pili lilikuwa kupanga rekodi hizo kuanzia alama kubwa kushuka. Karatasi yangu ilikuwa na upangaji wa namba tupu, si wa rekodi nzima, na mpango wa kuzibadilishana nafasi nilitakiwa kuufikiri mwenyewe. Lililonifaa ni neno moja jekundu kando ya kigeu cha muda, `temp`: "aina ile ile". Nikaitangaza kuwa `struct` kama rekodi zenyewe badala ya `int`, zikabadilishana namba na alama kwa pamoja, na zikabaki dakika chache za kujaribu faili tupu, ambalo lilinipa mgawanyo kwa sifuri. Nikaweka `if (n > 0)` kabla ya kugawanya, nikahifadhi, nikanyoosha mkono msimamizi aje kukusanya.