Barua niliyomwandikia ticha wa kemia
Jamani Jumanne homa ilinilaza nikakosa praktikali ya titresheni na ripoti ilitakiwa Ijumaa, nikamwandikia ticha hivi: "Shikamoo mwalimu. Sikuwepo maabara Jumanne, niliugua, cheti cha daktari nimeambatanisha. Lengo na hatua nimeshaandika ila sina vipimo vya bureti, na vya mwenzangu sitaki kunakili nikaviita vyangu. Naomba nifanye jaribio Jumatatu mpaka nipate vipimo viwili visivyopishana zaidi ya 0.1 cm³, ripoti nilete Jumatano." Amekubali! Nadhani kilichosaidia ni kutaja siku kamili, maana ukiandika tu "naomba muda" yeye atapangaje maabara? Kasema fundi wa maabara ataniandalia asidi, nije na koti na miwani.