Kufuli la SafeSearch: Ni la Akaunti au la Waifai?

Mdogo wangu anasomea uuguzi hapa Kisumu. Alikuwa akitafuta picha za matiti yenye uvimbe wa mama anayenyonyesha, na Google ikawa inamletea michoro na matangazo ya sidiria tu. Akaniambia, "Kaka, simu yangu imeharibika." Simu ilikuwa nzima.

Nilimwambia afungue google.com/safesearch, ukurasa wa SafeSearch, kichujio cha Google cha picha za utupu. Ukurasa huo una chaguo tatu: Filter, Blur na Off. Kama ni wewe uliyeweka, utabadilisha tu. Kwake hazikubadilika, na juu upande wa kulia palikuwa na alama ya kufuli. Hiyo kufuli ndiyo ya kutazama, maana Blur peke yake ni kawaida ya Google kwa watu wengi na haimaanishi kuna aliyekufungia.

Sasa, nani amefunga? Nilibadilisha kitu kimoja kimoja. Kwanza tulifungua dirisha la Incognito bila kuingia kwenye akaunti, tukiwa bado kwenye waifai ya hosteli. Kufuli likabaki. Basi si akaunti ya chuo wala inayosimamiwa na mzazi kupitia Family Link. Kisha tukazima waifai, tukawasha bando lake, akaunti ikiwa ile ile. Kufuli likatoweka. Kama lingebaki kwenye bando na kutoweka kwenye Incognito, ningeishuku akaunti.

Ili kuhakikisha, nilirudi kwenye waifai na kuandika hivi kwenye laptopu:

```
nslookup www.google.com
```

Jibu lilikuja na jina forcesafesearch.google.com na anwani 216.239.38.120. Google wenyewe ndio waliotenga anwani hiyo kwa ajili ya mitandao inayotaka kulazimisha kichujio. Rauta, au DNS inayotumiwa na rauta, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani, humpeleka kila mtu huko, na ndiyo sababu kutoka kwenye akaunti hakusaidii kitu. Kuhamia Bing huenda kusisaidie pia, kwa sababu nao wana strict.bing.com ya kazi hiyo hiyo. Kwa YouTube, nenda youtube.com/check_content_restrictions, huonyesha kama kizuizi kimetoka kwenye DNS au kwenye akaunti. Dalili nyingine huko ni maoni kutoonekana chini ya video.

Kilichotuchanganya kidogo ni kwamba simu ya mwenzake chumbani, kwenye waifai hiyo hiyo, haikuwa na kufuli. Tulipoangalia, alikuwa ameweka Private DNS yake kwenye mipangilio ya Android, kwa hiyo maswali ya simu yake hayakupitia DNS ya hosteli.

Msimamizi wa hosteli alipoulizwa alisema fundi aliweka kichujio kwa sababu ya watoto wa familia zinazokaa ghorofa ya chini. Sioni ubaya. Mdogo wangu sasa anatafuta picha hizo kwa bando, na mambo mengine yote kwa waifai.