Seva Imekuwa Rahisi

Mwaka ule katibu wetu alivunjika mkono wa kulia, na kwa kuwa hakutaka mtu mwingine amwandikie muhtasari wa vikao, aliamua kuusema kwa sauti ili simu imwandikie. Alikuwa mama mtu mzima, makini kuliko sisi sote, na kazi niliyopewa ilikuwa ndogo: kuupitia muhtasari na kuupanga kabla haujasambazwa kwa wajumbe.

Kikao chenyewe kilihusu hitilafu ya mfumo wa kompyuta. Aya za mwanzo zilisomeka vizuri, kwa sababu salamu, ajenda na mahudhurio aliyasema kwa Kiswahili kitupu. Mambo yaliharibika tulipofika kwenye taarifa ya mafundi, maana hapo hakuna aliyesema Kiswahili kitupu. Fundi alikuwa amesema seva imekrashi na kwamba Neema amefowadi ripoti, na katibu aliyarudia maneno yale kama yalivyotamkwa. Kwenye skrini nilisoma hivi:

"seva imekuwa rahisi na neema amefua wadi ripoti"

Kosa la pili halikunisumbua. Wadi haifuliwi, na msomaji yeyote angesimama hapo akauliza. Lililonitia hofu ni lile la kwanza, kwa kuwa sentensi ilikuwa sahihi kisarufi, ilikuwa na maana, na maana yenyewe ilikuwa kinyume cha kilichosemwa. Mjumbe ambaye hakuhudhuria angeisoma, akaamini kwamba seva sasa ni nyepesi kutumia, kisha akaendelea na shughuli zake.

Nilimsogezea simu. Aliisoma, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, hili sikulisema mimi."

"Najua, Mama. Hebu liseme tena, taratibu."

Alilisema taratibu, na matokeo yakawa mabaya zaidi: "ime kirahisi". Tukabadilisha lugha ya kibodi kuwa Kiingereza, tukidhani kwamba neno geni litapata kwao. Badala yake maneno yote ya Kiswahili yaliyolizunguka yaligeuka vipande vya Kiingereza visivyoshikana, na sentensi nzima ikapotea. Hapo ndipo nilipoelewa tatizo lilipokaa. Programu ile ilisikiliza kwa lugha moja tu kwa wakati mmoja, nasi tulikuwa tunaipa lugha mbili ndani ya neno moja: kiambishi cha Kiswahili mbele, mzizi wa Kiingereza nyuma. Programu ya namna hii haiandiki sauti tupu, bali hupima sauti iliyoisikia pamoja na maneno ambayo kwa kawaida hufuatana, kisha huchagua yanayoelekea kuwa ndiyo. Baada ya "seva ime-" ilikuwa inangojea kitenzi inachokijua, na "imekuwa rahisi" ni maneno yanayosemwa kila siku.

Majina yalikuwa na shida ya namna nyingine. Neema, Baraka, Tumaini na Imani ni majina ya watu na ni maneno ya kawaida pia, kwa hiyo yaliandikwa kwa herufi ndogo, na mtu akageuka kuwa fadhila. Mwanaidi alikatwa vipande viwili, "mwana idi", na aya mbili mbele akawa "mwana hidi". Kwa sababu hiyo sikuweza kutafuta na kubadilisha kwa mkupuo mmoja. Jina lile lile lilikosewa kila mara kwa sura tofauti. Ilinibidi nisome mstari kwa mstari pamoja na aliyesema, kwani kibodi ile haikututunzia sauti ya kurudia kusikiliza.

Tulichokifanya baadaye kilitusaidia sana. Katibu alitenganisha neno geni na kiambishi, akawa anasema "imepata krashi" au, bora zaidi, "imezimika ghafla". Na kila jina la mtu alilitanguliza kwa Bi. au Bwana, jambo lililofanya majina mengi yaandikwe kwa herufi kubwa. Pia tuliwasha kinasa sauti kwenye simu ya pili. Hata hivyo hatukupata dawa ya vifupisho vya kiufundi, ambavyo herufi zake husomwa moja moja kwa matamshi ya Kiingereza. Hivyo aliniachia nafasi kwa kusema "kifupisho", nami nikavijaza kwa mkono.

Lilibaki jambo moja lililohusu bajeti. Skrini ilisema "bajeti hii japo imeruhusiwa", ilhali katibu alikuwa na hakika kwamba alisema "haijaapruviwa". Kwa kuwa lilikuwa suala la fedha, hatukutaka kutegemea kumbukumbu ya mtu mmoja. Nilimpigia mwenyekiti, akathibitisha kwamba bajeti haijaidhinishwa, na ndivyo tulivyoandika kabla ya kuusambaza muhtasari jioni ile.